Vidole Vyeupe Ndani ya Ndoo

Picha ya kwanza niliijibu huku natafuna ubani, mkono mmoja umo kwenye tende za watu. Naliungama hilo mapema, msije mkadhani nina akili kuliko nilizo nazo.

Kazi yangu ni kuchambua tende kwenye kiwanda kidogo hapa Bahla, Omani. Tunakaa wanawake tisa kwenye meza ndefu, tende zinapita mbele yetu, tunatoa zilizopasuka, zilizotobolewa na wadudu, zilizoota ukungu. Nilimaliza sekondari kwa alama zilizomfanya baba anyamaze siku mbili, nikaingia hapo "kwa muda tu", na huu mwaka wa tatu. Kwa kuwa nina mdomo na nina simu, mtaa umenifanya mufti wa tende. Mtu akifungua ndoo yake siku za baridi akakuta weupe, mumewe hamuulizi. Anapiga picha, ananitumia: "Mizna, sukari au ukungu?" Nami natoa hukumu.

Azza, binti wa Ami Nabhan jirani yetu, alinitumia yake mwezi wa kwanza. Ndoo nyeupe ya plastiki, tende za aina ya khalasi zimeshindiliwa humo hadi zimekuwa kitu kimoja, na juu yake vitone vyeupe. Picha yenyewe mbovu. Kioo cha kamera kilikuwa na mafuta ya nywele, na simu ya Azza ni ile inayolainisha kila kitu, hata bibi wa miaka themanini inamtoa kigori. Lakini niliona ninachokijua: vitone vya rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo, vimetapakaa ndoo nzima, vikifuata mikunjo ya ngozi pale asali ya tende inapojikusanya.

Nikamtumia sauti: "Sukari hiyo, dada Azza! Bi harusi kajipaka poda. Mwambie Ami ale, asiogope kama kuku aliyeona kisu."

Meza nzima ikacheka. Bi Sheikha tu hakucheka. Huyu ndiye mkubwa wetu pale mezani, mwanamke wa miaka sitini ambaye anaweza kuijua tende mbovu kwa kuisikia ikianguka.

"Umemuomba picha ya ubavuni?" akauliza.

"Ya nini, mama? Inaonekana."

"Picha haina pua, Mizna. Wala haina ulimi. Ukiwa na jicho tu, basi angalau liwe jicho zima."

Nikamwambia jicho langu zima na la pili lipo akiba. Tukaendelea na kazi.

Jioni, nyumbani, ndipo mama yangu aliponiuliza kama najua ile ndoo ni ya nani.

Ilikuwa ya Bi Raya, mke wa Ami Nabhan. Aliishindilia mwenyewe mwezi wa nane, kwa mikono yake, kama alivyofanya kila mwaka: tende zimeoshwa, zimeanikwa, zimebanwa safu juu ya safu hadi hewa haina pa kupita. Mwezi wa kumi kiharusi kikamchukua akiwa anakunja nguo. Ndoo nyingine zote zililiwa na watu waliokuja kutoa pole. Hii moja Ami Nabhan aliificha chumba cha ndani, nyuma ya sanduku la nguo za marehemu, akasema haifunguki kwa mgeni. Akawa anakula yeye, tende moja kila magharibi.

Tena kuna jingine ambalo mtaa mzima unalijua. Miaka minne iliyopita figo za Ami Nabhan zilikufa, na Bi Raya akampa moja ya kwake. Tangu siku hiyo mzee anameza dawa asubuhi na jioni ili mwili wake usiikatae ile figo, na daktari wa Maskati alimwambia wazi: dawa hizi zinaulaza ulinzi wote wa mwili, basi jiepushe na chochote kilichooza, kilichovunda, kilichoota ukungu. Kitu ambacho mimi kingeniuma tumbo usiku mmoja, yeye kingemshika mapafu na kumrudisha hospitali, na pengine asitoke.

Nilipokumbuka hayo, ubani ulinikaukia mdomoni. Nikaifungua tena ile picha. Sukari. Nikaikuza. Sukari, nadhani. Nikaikuza tena, ikabaki miraba miraba ya kahawia na nyeupe isiyosema kitu. Nikajiambia, Mizna, umeshajibu, lala.

Wiki tatu hazikuisha ikaja picha ya pili.

Tulikuwa mapumziko ya chai. Safari hii Azza alikuwa amepiga bila taa ya simu, karibu na dirisha, na kamera ameifuta. Ndoo ileile. Vitone vilevile vya zamani vipo. Lakini katikati, juu ya safu ya juu, palikuwa na alama tatu nyeupe zimepangana upande kwa upande, kila moja ndefu kama punje ya lozi na pana kuliko lozi. Upande wa pili, peke yake, ya nne, ndogo. Nyeupe hasa, nyeupe ya pamba.

Chini Azza ameandika: "Baba anasema ni vidole vya mama. Anasema kila siku vinakuwa vikubwa kidogo. Mizna, niambie ni sukari."

Sisi wa Bahla, majirani zetu wa miji mingine wanatucheka kwamba tukipoteza kijiko tunamsingizia jini, na mimi ndiye wa kwanza kuwasaidia kucheka. Lakini zile alama zilikuwa vidole. Ungempa picha mtoto asiyejua kusema, naye angeweka vidole vyake juu ya kioo kuvipima.

Nilimpelekea Bi Sheikha simu. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaweka miwani.

"Subhanallah," akasema. Kisha akarudi kuwa yeye. "Sukari unaijua inavyotoka?"

"Asali inapanda mikunjoni, baridi inaigandisha."

"Inapanda wapi?"

"Kote."

"Kote. Sukari haichagui. Tende zikilala pamoja zinatoa pamoja. Hii imechagua." Akagusa kioo kwa ukucha. "Na tazama ukingo. Ule wa vitone umekatika kama chumvi. Huu umefifia, kama mtu alipumua hapo."

"Basi ukungu."

"Sijasema. Picha hii inanitisha, lakini haijanihakikishia. Ukungu mchanga nao mweupe. Unga ukimwagika nao mweupe. Nenda kauone. Beba lenzi ya kukuzia." Akanirudishia simu kwa vidole viwili, kama kitu chenye moto. "Na wewe ndiye uliyemwambia ale, sivyo?"

Nilimwandikia Azza: "Asile chochote mpaka nije." Akajibu: "Hanisikii. Kila nikimkataza anasema Mizna wa kiwandani kasema ni sukari."

Mchana ule nilichambua tende bila kusema neno. Wenzangu wakaulizana kama nina homa. Kila tende iliyopita ilikuwa na vidole.

Nilifika kwao baada ya alasiri. Azza alinifungulia. Yeye ni mwalimu wa darasa la kwanza, mkubwa wangu kwa miaka kumi, na siku zote ana sauti ya kutuliza watoto. Siku hiyo sauti hiyo ilikuwa imekwisha. Kilichonipokea kwanza kwenye nyumba ile kilikuwa harufu. Maji ya waridi, yale ya mlimani, yenye moshi ndani yake. Yamejaa ukumbini, yako kwenye mapazia, yako kwenye shela yake.

"Mmemwaga chupa?" nikauliza.

"Ni baba. Anasema nyumba ikinukia hivyo anasikia hatua zake."

"Na wewe unazisikia?"

Azza akatazama chini. "Usiniulize swali hilo ndani ya nyumba hii."

Ami Nabhan alikuwa amekaa chumba cha ndani, kanzu safi, kofia imekaa sawa, ndoo mbele yake kama mtu na mgeni wake. Kando ya ndoo pana mrashi wa fedha wa kunyunyizia, buli la kahawa na kikombe kimoja. Hapana, viwili.

"Karibu, mchawi wa tende," akasema. "Umekuja kula au kusema?"

"Kusema, Ami. Kula nakula kwetu, nyinyi mnanyima."

Akacheka kidogo. Ananipenda, yule mzee. Tangu nikiwa mdogo huniita shetani na kunipa halua. "Ifungue basi. Umsalimie."

Nilifungua kifuniko. Waridi lilinipanda usoni, zito, na nikajua kwa nini Azza hakunusa kitu kwa siku zote hizo. Nikageuza uso, nikavuta pumzi safi, nikarudi kwa upole, kwa mbali, maana pua haiingizwi kwenye kitu cha namna ile. Na huko chini kabisa ya waridi, nyembamba kama uzi, kulikuwa na harufu ya chumba kilichofungwa mwaka mzima.

Vile vidole viliniangalia. Kwa macho vilikuwa vibaya kuliko pichani. Picha ilivilaza, hapa vilikuwa vimesimama, vina nywele, na katikati ya kile kirefu rangi ilikuwa imeanza kuwa ya majivu yenye kijani. Nikapiga magoti, nikawasha taa ya simu, nikaishika chini, ubavuni, mwanga upite juu ya tende badala ya kuzishukia. Vile vitone vya zamani vikametameta. Vidole havikumeta. Vilikunywa mwanga wote, vikatupa vivuli vyao vidogo juu ya ngozi ya tende. Nikaweka lenzi: nyuzi, na juu ya nyuzi vichwa vidogo vidogo kama vya pini.

"Sema," akasema Ami Nabhan.

"Azza, niletee visahani viwili, kisu, na maji ya uvuguvugu."

"Sema kwanza."

"Ami, nikisema utaniambia mwongo. Acha zenyewe ziseme."

Nilichomeka kisu kando ya ndoo, mbali na katikati, nikachimba tende ya chini yenye vitone. Nikaiweka kisahani cha kwanza. Halafu nikatoa moja ya juu, yenye kidole kizima mgongoni, nikaiweka cha pili. Mzee alishtuka nilipoigusa. Mkono wake ulinyanyuka, ukashuka.

Kwenye ile ya kwanza nilikwangua kitone kwa ukucha. Kililia kama mchanga. Nikadondosha tone la maji, nikalisugua kidogo. Tukatazama wote watatu. Weupe ukalainika, ukawa kama kioo, ukaondoka. Ikabaki tende ya kahawia inayong'aa, kama ndiyo kwanza imetoka mtini.

"Sukari," nikasema. "Hii ndiyo niliyokujibu mwezi wa kwanza, dada Azza. Ilikuwa sukari kweli." Niliona aibu ya kufurahi. Mchana mzima wa kujiona muuaji, na kumbe jicho langu la haraka lilikuwa limeona sawa. Lakini furaha hiyo haikufika popote, kwa sababu kisahani cha pili kilikuwa bado.

Nikadondosha tone juu ya kidole. Tone halikuingia. Lilikaa juu ya zile nywele, duara, zima, kama shanga. Nikalisukuma kwa ncha ya kisu. Nywele zikalala, zikawa utelezi wa kijivu. Hazikuondoka. Nikaikata tende katikati, nikaifungua: pembeni ya kokwa, mle ambamo jicho la simu haliwezi kufika, kulikuwa na utando wa majivu.

Azza alijifunika mdomo kwa shela.

Mimi nilimtazama mzee, nikidhani atalia. Macho yake yalikuwa yanawaka.

"Umeona?" akanong'ona. "Ile ya sukari imekimbia. Hii imekataa. Maji yameshindwa kumtoa. Umemuonyesha mwenyewe, Mizna. Aliyebaki ndiye yeye."

Nje mchana ulikuwa mweupe, punda wa jirani analia, mtu anapiga honi, na mle ndani mzee alikuwa amekishika kile kipimo changu na kukigeuza kama kanzu, ndani nje, kikamkaa sawasawa.

"Ami, kilichobaki ni ukungu."

"Ukungu una vidole?"

Hilo ndilo lililonileta pale. Ukungu hauna vidole. Unaota palipo na maji, na Bi Raya hakuacha maji. Alianika tende siku nne, zikakauka hata angeweza kuzirithisha wajukuu. Basi maji yalitoka wapi? Nikatazama ndoo, nikatazama kikombe cha pili. Nikatazama mrashi.

"Ami," nikasema polepole, "kila jioni unamsalimiaje?"

"Kama mtu anavyomsalimia mkewe."

"Nionyeshe."

"Baba, usi..." akaanza Azza.

"Mwache aone." Akauchukua mrashi kwa mkono wa kushoto, akautikisa mara tatu juu ya kiganja cha kulia. Maji ya waridi yakamjaa vidoleni, yakadondoka. Akafumba macho. Akasema salamu kwa sauti ndogo ambayo sikupaswa kuisikia. Halafu akashusha mkono ndani ya ndoo bila kutazama, kama mtu anayeshusha mkono kwenye nywele za mtu, na vidole vyake vitatu vikalala juu ya alama tatu.

Vilienea. Hata kile cha kati, kilichopinda kidogo kushoto tangu kilipovunjika ujanani mwake. Na alama yake ilikuwa imepinda kushoto.

Mzee akafumbua macho, akaona tunachokitazama, akatazama naye. Aliuacha mkono pale muda mrefu sana. Maji ya waridi yalikuwa yanashuka kati ya vidole na kuingia kwenye tende, na niliyasikia, wallahi, ingawa maji hayo hayana sauti.

"Ni mimi," akasema.

"Ni maji, Ami. Kila jioni, mahali palepale. Sukari isingekaa hapo, ingekimbia kama ile. Panapolowa kila siku panaota hiki."

Akanyanyua mkono. Kisha uso wake ukabadilika, ukarudi kule kwenye kuwaka, na safari hii mimi niliogopa kweli.

"Na hicho?" Alikuwa anaonyesha alama ya nne. Ndogo, nyembamba, imekaa peke yake upande wa pili, ambako mkono wake haufiki. "Mimi nimeweka vitatu. Hicho cha nani, Mizna? Hicho cha mwanamke."

Nikainama na lenzi ingawa nilijua lenzi haitanijibu. Kilikuwa kidogo kweli. Kilikuwa cha mwanamke. Nikahisi kitu nyuma ya shingo yangu, na sikugeuka, na msinicheke.

"Changu, baba."

Azza alikuwa ameegemea ukuta. Alikuwa anazungumza na sakafu.

"Nikitawadha alfajiri, wewe umelala. Nafungua tu. Naweka kimoja. Mkono wangu unakuwa bado na maji." Akavuta pumzi. "Nilitaka kuona kama na mimi ataniachia alama."

Mzee alimtazama binti yake kama mtu aliyekuwa hajui kwamba nyumba ile ina watu wawili wenye kufiwa. Lakini mkono wake, huku anamtazama, ulikuwa unarudi kwenye ndoo. Ulikuwa umezoea. Magharibi ilikuwa inakaribia na ulikuwa umeshashika tende.

"Ami, weka chini."

"Ya chini. Ya sukari. Umesema mwenyewe ni sukari."

"Tutoe za juu tu, Mizna," akasema Azza. "Zile mbaya. Za chini zibaki."

Ningeweza kusema ndiyo. Mwezi wa kwanza ningesema ndiyo huku natafuna.

"Zimebanwa kuwa kitu kimoja, dada. Nyuzi zinapita mahali ambapo mimi wala lenzi hatuoni. Umeiona ile niliyoikata. Zingekuwa za kwangu mimi ningezitupa zote. Kwake yeye sijiulizi hata mara mbili."

"Moja tu," akasema Ami Nabhan. "Nikifa nayo si neno. Nitakuwa nimekula mkononi mwake."

Hapo mdomo wangu, ambao umeshanitia matatani mara nyingi, ulifunguka wenyewe.

"Ukila utamlisha yeye, Ami. Aliyemo humo," nikamwonyesha ubavu wake, pale kovu lilipo chini ya kanzu, "hujamzika bado. Huyo ndiye utakayempa ukungu."

Azza alisema jina langu kwa ukali. Mzee aliweka kiganja juu ya ubavu wake, kiganja kilekile chenye maji, kanzu ikalowa na kushika ngozi. Alikaa hivyo. Nilihesabu pumzi zake kwa sababu sikuwa na kazi nyingine ya kufanya na aibu yangu.

Kisha akaitazama tende aliyoishika, akairudisha ndani ya ndoo taratibu, mahali pake, kama mtu anayerudisha yai kwenye kiota. Akafunika.

"Wape mbuzi basi," akasema.

"Hata mbuzi, Ami. Hiki hakipewi aliye hai."

"Jalalani siipeleki. Neema haitupwi jalalani."

"Hapana. Jalalani hapana."

Tuliibeba mimi na Azza, Ami akitangulia na jembe. Nyuma ya nyumba kuna shamba lao dogo, na mfereji wa maji unapita pembeni, zamu kwa zamu kati ya majirani. Alichimba mwenyewe. Nilitaka kumpokea jembe, Azza akanizuia kwa jicho. Alichimba shimo refu kuliko lililohitajika, hadi magotini, akaipindua ndoo. Tende zilitoka kipande kimoja, zikiwa na umbo la ndoo, safu ya chini ikabanduka, na mle ndani, upande ambao hakuna aliyeuona tangu mwezi wa nane, vilionekana vishimo vidogo vya viganja vya Bi Raya alipokuwa akishindilia safu ya kwanza. Hivyo havikuwa vyeupe. Vilikuwa vimebonyea tu, vinang'aa kwa asali.

Sote watatu tuliviona. Mkono wangu ulikwenda mfukoni kwenye simu, kwa tabia tu, na nikautoa mtupu.

"Zile za chini," akasema mzee bila kunigeukia, "zilikuwa nzuri?"

"Zilikuwa nzuri, Ami. Hakuna kiwandani kwetu anayeshindilia vile."

"Mm."

Akafukia. Alianza na pembeni, akaacha vile viganja hadi mwisho, kisha navyo akavifunika, jembe moja, mbili, tatu. Alipomaliza alikwenda kwenye mfereji, akachuchumaa, akaingiza mikono yote miwili hadi viwikoni. Maji yalikuwa ya baridi ya mwezi wa pili, yanapita kasi kuelekea kwa watu wengine. Hakusugua. Aliiacha tu mle, vidole vimefunguka, kama anayesubiri kushikwa.

Upande wa pili wa ukuta, jirani Khamis bin Muhanna alikuwa ameshafika na kipande chake cha kuziba maji.

"Nabhan! Muda wako umekwisha, bwana! Ni zamu yangu!"

Mzee hakuitoa mikono.

"Nabhan! Unanisikia?"

"Nakusikia," akasema. "Ngoja kidogo. Bado anapita."

Khamis alifungua mdomo, akatutazama mimi na Azza, akatazama udongo mpya. Akaketi juu ya ukuta na kile kipande chake mapajani, akasubiri.